Barua kwa Kidato cha Nne: makosa ya swali la Maji Maji kwenye moko, na namna ya kuyarekebisha

Wanafunzi wangu,

Nimemaliza kusahihisha karatasi zenu za Historia. Leo nashughulika na swali la 10 peke yake, kwa sababu ndilo lililowanyang'anya maksi nyingi kuliko yote. Lilisema hivi: "Fafanua sababu sita zilizofanya wapiganaji wa Maji Maji washindwe na Wajerumani." Lilikuwa na maksi 15: utangulizi 1 na nusu, kila hoja 2, hitimisho 1 na nusu. Weka karatasi yako mbele, shika kalamu ya rangi nyingine, tufuatane.

Hatua ya 1: Pigia mstari neno linaloamua swali

Neno hilo hapa ni "washindwe". Wengi mmeona "Maji Maji" mkaanza kumwaga mlichokariri: kodi ya kichwa, kilimo cha lazima cha pamba, ukatili wa maakida. Yote ni kweli, lakini ni sababu za vita kuzuka. Mtu aliyeandika hoja sita za namna hiyo amepata sifuri kwenye maksi 12 za hoja, hata kama ameandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri.

Ili ujikague, chukua kila hoja uliyoandika na uimalizie kwa maneno "kwa hiyo wakashindwa". Mfano: "Watu walilazimishwa kulima pamba, kwa hiyo wakashindwa." Umesikia mwenyewe kwamba haikai. Sasa jaribu: "Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, kwa hiyo wakashindwa." Hiyo inakaa. Hoja isiyopita hapo ifute kabla hujaendelea.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata walio makini, nalo ni dawa ya maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba dawa ile ingegeuza risasi kuwa maji. Imani hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, kwa hiyo inafaa kwenye swali la kuenea kwa vita. Imani hiyo hiyo iliwafanya wakabili bunduki bila kujikinga, kwa hiyo inafaa pia kwenye swali la kushindwa. Tukio ni moja, ila lazima uligeuze lielekee kwa kile ulichoulizwa. Aliyeandika "maji yaliwaunganisha" akaishia hapo hakupata kitu kwenye swali hili.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka kabla ya kuandika

Dakika mbili zinatosha, na uchore kwenye karatasi ya rafu. Karatasi nyingi zimemweka Mkwawa katika vita hivi. Mkwawa alifariki 1898, miaka saba kabla. Wengine wamemtaja Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Mstari wako uwe na mambo haya tu:

Julai 1905, vita vinaanza Umatumbi kwa kung'oa pamba.
4 Agosti 1905, Kinjikitile ananyongwa Mohoro.
30 Agosti 1905, boma la Mahenge linashambuliwa.
Septemba 1905, Wangoni wanajiunga.
Februari 1906, viongozi wa Wangoni wananyongwa Songea.
1907, vita vinakwisha.

Sasa tazama hoja iliyojitokeza mara nyingi mno: "Walishindwa kwa sababu Kinjikitile aliuawa." Mstari wenyewe unaikataa. Alinyongwa vita vikiwa na siku chache, na mapigano ya Mahenge na Ungoni yote yalikuja baada yake. Kifo chake hakikuzima vita. Hoja sahihi iliyo karibu na hiyo ni kwamba hapakuwa na uongozi mmoja wa kijeshi: kila eneo lilipigana chini ya viongozi wake, kwa hiyo Wajerumani waliweza kulizima eneo moja kisha wakahamia jingine.

Hatua ya 3: Jaza hoja hadi ishibe maksi 2

Kosa hili ndilo linaloniuma zaidi, maana aliyelifanya alikuwa anajua. Hii hapa aya moja kama ilivyoandikwa:

"Silaha duni. Waafrika walikuwa na silaha duni kuliko Wajerumani ambao walikuwa na silaha bora."

Sentensi ya pili inarudia ya kwanza. Nimetoa nusu maksi. Hoja kamili ina vipande vitatu: dai, tukio halisi lenye mahali au wakati, na namna tukio hilo lilivyoleta kushindwa. Aya hiyo hiyo iandikwe upya hivi:

"Wapiganaji walikuwa na silaha duni. Wengi walitumia mikuki, pinde na magobore, huku Wajerumani wakiwa na bunduki za rashasha. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, wakamiminiwa risasi kabla hawajalifikia. Baada ya hasara hiyo walishindwa kuliteka boma, na Wajerumani wakabaki na ngome yao katikati ya eneo la vita."

Ni sentensi nne tu, na maksi zote 2 zinapatikana.

Hatua ya 4: Rudia swali nyumbani

Andika hoja sita upya kwa dakika 35, bila daftari. Ukikwama, anza na hizi: silaha, imani kwenye maji, kukosa uongozi mmoja, makundi yaliyokataa kujiunga, kama Wahehe walio wengi, askari wa nyongeza walioletwa na Gavana von Götzen, na njaa iliyosababishwa kwa makusudi. Karatasi zije mezani kwangu Jumatatu.

Maswali yaliyoletwa

*Mwalimu, shikamoo. Nikisahau tarehe kamili nifanyeje?*
Marahaba. Andika mwezi, au mwaka. "Mwishoni mwa Agosti 1905" inakubalika kabisa. Usibuni tarehe, kwa sababu tarehe ya uongo huharibu ushahidi wa hoja nzima.

*Mwalimu, mimi niliandika "njaa" na ukaniandikia "ni matokeo". Mbona hapa umeiweka kwenye sababu?*
Uliandika kwamba watu wengi walikufa kwa njaa baada ya vita. Hayo ni matokeo. Ungeandika kwamba Wajerumani walichoma mashamba na kuchukua chakula ili wapiganaji waliohamia porini wakose cha kula na wajisalimishe, ingekuwa sababu. Hasa Ungoni, ambako baada ya kushindwa uwanjani waligeukia mapigano ya kuvizia, njaa ndiyo iliyowamaliza.

*Habari ya kazi, mwalimu mwenzangu. Vijana wangu wananiletea idadi mbili za waliokufa, 75,000 na 300,000. Unakubali ipi?*
Nzuri. Nakubali zote mbili, ilimradi mwanafunzi aseme ni makadirio. Ya kwanza ilitoka upande wa Wajerumani. Ya pili ni ya wanahistoria wa baadaye waliohesabu pia waliouawa na njaa. Ila kwenye swali hili idadi hiyo haina kazi. Ni ya swali la matokeo.

*Mwalimu, utangulizi wangu ulikuwa nusu ukurasa, nimepata nusu maksi. Kwa nini?*
Ulieleza Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Hapa zinatosha sentensi mbili tatu: vita vilikuwa vipi, wapi, lini, na kwamba viliisha kwa Waafrika kushindwa. Muda uliobaki upeleke kwenye hoja ya sita, ambayo hukuifikia.