Kabla hujaomba mrejesho baada ya kukosa kazi

Ujumbe wa "tunasikitika kukujulisha" ukishaingia, angalia kwanza ulifika hatua gani. Kama ulichujwa kwenye maombi na hukuitwa hata kwenye usaili, usijisumbue kuandika. Aliyepitia wasifu wako alikuwa na rundo zima mezani na pengine hakuandika neno lolote kukuhusu, kwa hiyo hana cha kukupa. Kama ulikaa mbele ya jopo au ulipewa kazi ya majaribio, hapo kwa kawaida kuna alama na maelezo mafupi yaliyoandikwa wakati unaongea. Unachoomba ni mstari mmoja kutoka kwenye hayo.

Pili, jua unayemwandikia ni nani. Afisa wa rasilimali watu au wakala wa ajira aliyekutumia ujumbe mara nyingi siye aliyeamua. Uamuzi ulifanywa na mkuu wa kitengo, na wakala huenda hakuwemo chumbani kabisa. Ukimwuliza "kwa nini sikuchaguliwa?" unamtaka autetee uamuzi wa mtu mwingine, tena kwa kukulinganisha na mwombaji ambaye haruhusiwi kumzungumzia. Atajibu kwa sentensi ya kiofisi isiyo na kitu ndani, au atanyamaza. Mwulize kitu anachoweza kukisoma kwenye maelezo yake na kukiandika kwa dakika mbili.

Muda nao una maana. Usijibu saa hiyohiyo, maana hasira huonekana hata kwenye salamu. Subiri kesho yake, lakini usivushe wiki, kwani baada ya hapo nafasi imeshafungwa na wasailiwa wanaanza kuchanganyika kichwani mwake. Jibu kwenye barua pepe ileile ili aone jina lako na nafasi uliyoomba bila kutafuta, na kwa lugha ileile aliyokuandikia. Namba ya simu uliyoiokota kwenye tangazo iache, na wasapu ya saa tatu usiku ndiyo kabisa.

Sasa maneno yenyewe. Chukua mwombaji wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusafirisha mizigo Dar es Salaam, aliyefika usaili wa pili. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Nashukuru, ila nimeshangaa kwa sababu maswali yote niliyajibu na nina uzoefu wa miaka minne. Naomba kujua ni kigezo gani kilitumika." Hakuna tusi hapo, lakini anayesoma anaona kesi inafunguliwa. "Ila", "nimeshangaa" na "kigezo gani" ndiyo yanayomfanya ajilinde, na ile miaka minne ameshaijua, iko kwenye wasifu. Afadhali hivi:

"Habari za asubuhi. Asante kwa kunijulisha kuhusu nafasi ya mhasibu msaidizi, na kwa muda mlionipa kwenye usaili. Nimeupokea uamuzi. Kama inawezekana, naomba sentensi moja tu: kati ya sehemu ya kodi na ile ya usuluhishi wa hesabu za benki, ni ipi niifanyie kazi zaidi kabla ya usaili mwingine? Kama utaratibu wenu hauruhusu, nitaelewa."

"Nimeupokea uamuzi" inamhakikishia kuwa hakuna mabishano yanayokuja. Swali linampa sehemu mbili za kuchagua, naye anaweza kujibu "kodi" na kuendelea na kazi zake. Sentensi ya mwisho inamwachia mlango, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoleta majibu mengi zaidi kuliko shukrani ndefu.

Kama kweli unaamini ulionewa, mathalani uliombwa rushwa au ulibaguliwa, hilo ni lalamiko. Liandike kama lalamiko na ulipeleke panapohusika. Ukilificha ndani ya ombi la mrejesho, utakosa yote mawili.

Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize pia utafanya nini ukipata jibu usilolipenda. Tuseme mwombaji wetu anaambiwa: "Jopo liliona uzoefu wako wa Tally ni mdogo." Ameitumia programu hiyo ya uhasibu kila siku kwa miaka yote minne! Kidole kinawasha kuandika "samahani, hilo si kweli". Lakini jibu hilo linamwambia jambo moja: jopo halikuiona Tally yake. Akirudi kwenye wasifu anaikuta imetajwa mara moja, mwishoni, pamoja na Word na Excel, na kwenye usaili alisema "natumia mfumo wa kompyuta" bila kuutaja kwa jina. Hicho ndicho cha kurekebisha. Kwa afisa anajibu mstari mmoja, "Asante sana, nimeelewa," na anaishia hapo, bila kuambatisha wasifu mpya.

Wasipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki moja. Ukimya ukiendelea, achana nao.