Somo: Jina la wasifu lisimwonyeshe mgeni njia ya mlangoni kwako

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, ni nesi katika kliniki moja hapa Kampala. Alipojiunga na apu ya kutafuta mchumba alijiandika "Nesi Nyangoma Ntinda 97" (jina na mtaa nimevibadilisha, lakini muundo ni ule ule). Aliona ni jina la ukweli na la heshima. Wiki ya tatu, mwanaume ambaye mdogo wangu alikuwa ameacha kumjibu alitokea kwenye geti la kliniki, akamuuliza askari kama yule nesi pacha yuko zamu. Mdogo wangu hakuwa amewahi kumwambia anafanya kazi wapi, wala kwamba ana pacha.

Siku ile tulikaa jikoni tukalitengeneza jina upya. Fuateni kama tulivyofanya.

Hatua ya 1: Lichambue jina ulilonalo

Chukua karatasi, andika kila neno la jina lako, na pembeni andika mgeni anajifunza nini. Kwa Batooro na Banyoro, Nyangoma ni pacha wa kike aliyetangulia kuzaliwa, na mdogo wake huitwa Nyakato. Kwa hiyo neno moja tu limeshataja kwao na kuzaliwa kwake. "Nesi" ni kazi, "Ntinda" ni mtaa, na 97 ni mwaka wa kuzaliwa. Wakina Nyangoma ni wengi, manesi ni wengi, na Ntinda ni kubwa. Lakini ukiyaweka maneno hayo pamoja, anabaki mtu mmoja. Yule mwanaume alihitaji tu kupita kliniki chache akiuliza.

Waganda wana jambo hilo hilo. Wasswa, Kato, Babirye na Nakato ni majina ya mapacha, na majina mengine mengi humtaja mtu ukoo wake papo hapo. Majina yetu yanasema mengi kuliko tunavyokumbuka, kwa sababu sisi tumeyazoea.

Kazi, mtaa na mwaka viondoe vyote. Kinachodokeza asili yako kinaweza kubaki, ila kiwe kimoja, na kiwe kitu ambacho watu wengi sana wanacho.

Hatua ya 2: Tafuta neno la msingi linalotumiwa na wengi

Hapa ndipo empaako ilipotusaidia. Mtoto wa Kitooro hupewa empaako anapopewa jina, na ndiyo anayoitwa kwa upendo na heshima maisha yake yote: Abwooli, Akiiki, Adyeri, Amooti, Ateenyi, Atwooki na nyingine chache. Jumla yake ni kama kumi na mbili tu, na watu wote wanagawana hizo hizo, wake kwa waume, wazee kwa watoto. UNESCO iliiingiza desturi hii mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, nami hufurahi nikiona vijana wanaitumia. Ukiita "Abwooli!" sokoni Fort Portal watageuka wengi. Ni jina lako kweli, linamkaribisha mtu, na bado halikutaji wewe peke yako. Okaali tu ndiyo usiiguse, maana ni ya mfalme.

Asiye na empaako achukue neno la chakula, hali ya hewa au tabia. Jina la utani la shuleni au la stejini usilitumie hata kama unalipenda, kwa kuwa majirani wanakujua kwa hilo.

Hatua ya 3: Ongeza tabia kwa neno moja

Nilimuuliza, "Rafiki zako wanasema ukoje?" Akajibu kwamba ni mchangamfu lakini ana ulimi mkali. Pia anapenda kukaanga kabalagala, vile vya ndizi, hivyo wazo lake la kwanza likawa "Malkia wa Kabalagala". Nililikataa. Kabalagala ni kitafunwa, lakini hapa Kampala ni mtaa pia, tena unaojulikana kwa baa. Wasomaji wangedhani anaishi huko, na wangefika na matarajio ambayo si yake. Jina lisome kwa macho ya mtu asiyekujua.

Tukafikia "Abwooli Tangawizi". Lina joto na lina ukali kidogo, na tayari lina swali la kuanzia mazungumzo: kwa nini tangawizi?

Hatua ya 4: Lijaribu kabla ya kulitumia

Liandike Google ndani ya alama za kunukuu, kisha litafute Facebook, TikTok na Instagram. Likileta akaunti yako yoyote, litupe, hata kama ni ya zamani uliyoisahau. Picha nayo isiwe ile uliyoweka kwenye akaunti yenye jina lako kamili, kwani mtu anaweza kutafuta kwa picha bila kuhitaji jina.

Halafu kuna namba ya simu, na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi yote. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mtu akianza kukutumia pesa kwa simu, jina lako la usajili linamtokea kabla hajaweka namba ya siri, kisha anaghairi bila kutumia hata shilingi. Laini ya pili haikufichi, maana nayo ukiiunganisha na pesa ya simu italeta jina lile lile. Kwa hiyo zungumzeni ndani ya apu mpaka uwe tayari mtu huyo ajue jina lako kamili.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Arua: Mwalimu, mimi kila mtu ananiita Mama Aisha. Siwezi kutumia hilo? Linaonyesha ukweli kwamba nina mtoto.*

Dada yangu, kwamba una mtoto kuseme, na ni vizuri mtu ajue mapema. Lakini kuandike kwenye maelezo bila jina la mtoto. Mtu mbaya akimjua Aisha kwa jina, anaweza kumwita getini shuleni kama vile anatumwa na wewe.

*Kaka wa Busia: Sisi wanaume tuna hatari gani? Natumia "Boss wa Mpakani".*

Kaka, umetaja mahali na umetangaza pesa. Neno "boss" linawaita hasa wale watakaoomba nauli kabla ya kukutana kisha wasionekane. Weka unachopenda kufanya. Kama unapenda kuvua, "Mvuvi wa Jumamosi" linatosha, maadamu si kazi yako.

*Akiiki: Apu yangu imeonyesha jina la kwanza nililojisajilia na hainiruhusu kubadilisha.*

Baadhi ziko hivyo. Futa akaunti, uanze upya, na kwenye nafasi ya jina la kwanza andika empaako peke yake.

*Dada wa Kasese: Si nitaonekana mwongo siku nikimwambia jina langu?*

Mwambie mapema: "Abwooli ni empaako yangu, jina la kitambulisho nitakupa kabla hatujaonana." Mdogo wangu husema hivyo, na mwenye nia njema haoni tabu. Mnapopanga kukutana mahali penye watu, peaneni majina na namba siku hiyo hiyo. Nawe uangalie namba yake kwenye pesa ya simu, bila kutuma. Jina likitofautiana, muulize, kwa sababu huenda laini ni ya kaka yake. Akikasirika kwa kuulizwa, usiende.