Kulinganisha picha za kuta za mafundi watatu: kozi, jointi na timazi

Ukitafuta fundi wa kujenga, picha zitamiminika WhatsApp. Nyingi hazilinganishiki: mmoja kapiga kwa mbali jioni, mwingine kapiga ukuta uliokwisha pigwa plasta. Plasta inaficha karibu kila kitu unachotaka kukiona, kwa hiyo picha za namna hiyo ziweke kando. Hapa natumia mfano wa ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, ambazo uso wake ni kama sentimita 45 kwa 23.

1. Omba picha za aina moja kwa wote

Kila fundi atume picha tatu za ukuta ambao haujapigwa plasta. Ya kwanza iwe ya mbele: asimame mita nne au tano kutoka ukutani, simu aishike kifuani ikiwa wima, kamera iwe kwenye 1x. Ya pili iwe ya karibu, na tepu imenyooshwa kwenye uso wa tofali. Ya tatu apige akiwa kwenye kona, aangalie ubavu wa ukuta huku timazi ikining'inia kutoka juu. Waambie watume kama Document ili picha zisipungue ubora.

2. Tenganisha kosa la kamera na kosa la fundi

Hapa ndipo watu wengi wanawaonea mafundi. Lenzi pana, ile ya 0.5x, hupinda mistari. Kozi, yaani mistari ya tofali, zilizo juu ya katikati ya picha hupinda kuelekea juu, na zilizo chini hupinda kuelekea chini, kama pipa. Ukiona hivyo, laumu simu. Lakini kama kozi za juu na za chini zote zimebonyea upande uleule, huo ni ukuta.

Wima nao una mtego wake. Simu ikiinuliwa kutazama juu, kona zote mbili za ukuta huonekana zikiinamiana, kila moja ikielekea ndani. Kona moja ikisimama na nyingine ikalala, na fundi alisimama katikati, una sababu ya kuuliza.

3. Pima kozi

Fungua picha ya mbele kwenye skrini kubwa, weka ukingo wa karatasi kwenye mstari wa juu wa kozi moja, kutoka tofali la kwanza hadi la mwisho. Fuata mstari wa juu wa tofali, kwa sababu huo ndio unaofuata kamba ambayo fundi huivuta kupangia tofali. Mstari wa chini hubeba tofauti za tofali zenyewe.

Kwa fundi wa tatu katika mfano wangu, kozi zote zilibonyea katikati, hata zile za juu. Kamba ndefu iliyolegea hufanya hivyo, na kozi inayofuata ikirudia kosa la iliyotangulia, jointi, yaani nafasi za udongo wa saruji kati ya tofali, zinabaki sawa kabisa. Ndiyo maana jointi nzuri peke yake haithibitishi kitu.

4. Pima jointi

Kwenye picha ya karibu, linganisha na tepu. Kwa fundi wa kwanza, tofali la milimita 230 lilionekana milimita 46 kwenye skrini, yaani milimita 1 ya skrini ni 5 za ukutani. Jointi zake zilikuwa milimita 2 za skrini, sawa na 10 halisi. Wa pili alikuwa na jointi za 2 hadi 5, yaani 10 hadi 25.

Usimkatae bado. Mstari wa juu wa kozi zake ulikuwa umenyooka, na tofali zilitofautiana kimo. Alikuwa anatumia udongo kufidia tofali mbovu, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua. Kama tofali zingekuwa sawa, ningemwacha.

Halafu tazama jointi za wima. Katika kozi ya 1, 3 na 5 zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Zikisogea kidogokidogo upande mmoja kadiri unavyopanda, fundi hakupima mgawanyo wa tofali mwanzoni, na mwishoni hulazimika kukata vipande vidogo pembeni.

5. Soma timazi

Picha ya mbele haiwezi kuonyesha ukuta unaolala nje au ndani. Hapo tumia ile ya kona tu. Umbali kati ya kamba ya timazi na ukuta ulinganishe juu, katikati na chini. Tofauti ya sentimita 1 kwa kimo cha mita 3 naikubali. Umbali ukiwa sawa juu na chini lakini katikati ni mdogo, ukuta una tumbo.

Fundi wa kwanza alitofautiana milimita chache. Wa pili vilevile. Wa tatu alituma picha ya mbele tena badala ya ya kona, hata baada ya kuombwa mara ya pili, nikawaita wawili tu waje site na pima maji zao.