Namna ya Kumhoji Mwasilishaji Ambaye Matokeo ya Jaribio Lake Yameipinga Nadharia Tete

Nitatumia mfano wa kikundi cha kidato cha tatu nilichokisimamia. Wanafunzi walichanganya mililita 40 za sodiamu thiosalfeti na asidi ya hidrokloriki katika bika lililowekwa juu ya alama ya X, kisha wakapima sekunde hadi salfa inayojitenga iifiche alama hiyo. Walitarajia kwamba asidi ikiongezwa maradufu, muda utapungua kwa nusu. Kwa mililita 5 za asidi walipata sekunde 42, 44 na 41, na kwa mililita 10 wakapata 41, 43 na 40. Mwasilishaji aliandika ubaoni kuwa jaribio limeshindikana.

Hatua ya 1: Mtake ataje namba. Muulize: "Kama nadharia yako ingekuwa sahihi, ungesoma sekunde ngapi?" Akishasema 21, mwonyeshe kwamba wastani wake mbili zinatofautiana kwa sekunde 1 tu, ilhali vipimo vya mchanganyiko uleule vinatofautiana hadi sekunde 3.

Hatua ya 2: Litafute kosa, kisha ulipime. "Je, ukolezi wa asidi uliongezeka mara mbili kweli?" Haukuongezeka hivyo, kwa sababu hawakusawazisha ujazo kwa maji: mchanganyiko wa kwanza ulikuwa mililita 45 na wa pili 50, kwa hiyo ukolezi ulipanda mara 1.8. Hapa ndipo wasikilizaji wengi huridhika na kuufunga mjadala, nami nakusihi usiufunge, kwa kuwa swali lenye uzito ndilo linalofuata: "Kosa hilo linatosha kueleza ulichokiona?" Kwa mara 1.8, muda ungeshuka hadi sekunde 23 hivi. Kosa lipo, lakini haliiokoi nadharia.

Hatua ya 3: Ihoji njia yenyewe. "Umejuaje kwamba njia hii inaweza kuonyesha badiliko likiwapo?" Mwasilishaji hakuwa na jibu, basi tukapima palepale: mililita 20 za thiosalfeti, 20 za maji na 5 za asidi. Alama ilitoweka baada ya sekunde 83. Kama muda ungebaki karibu na 42, tungelazimika kumshuku mtazamaji au wino wa alama kabla ya kuishuku kemia.

Hatua ya 4: Uliza nadharia ilitoka wapi. Swali hili lije mwisho, maana likitangulia humfanya mwasilishaji ajitetee. Alijibu kwamba aliona namba 2 mbele ya HCl katika mlinganyo. Mlinganyo uliosawazishwa hueleza viasi vinavyomenyuka; kasi hujulikana kwa kupima tu, na katika mmenyuko huu, mradi asidi inatosha, kasi hufuata ukolezi wa thiosalfeti huku asidi ikiibadilisha kidogo sana.

Nilimwomba aandike upya hitimisho lake. Alifuta neno "limeshindikana" na kuandika: "Katika ukolezi tulioutumia, kuongeza asidi hakukubadilisha muda kwa kiasi tunachoweza kukipima."