Kuchanganya gesi mbili: angalia shinikizo kabla ya kugusa fomula

Mwanafunzi mmoja wa kampasi ya Chiromo, Nairobi, aliniletea swali akiwa na majibu mawili tofauti, na hakuona kosa kwenye lolote. Chombo kigumu kimegawanywa na ukuta wa kati, kila upande lita 25. Kushoto kuna moli 2 za argoni, kulia moli 1 ya nitrojeni, zote kwenye 298.15 K. Ukuta ukiondolewa, entropia na nishati ya Gibbs zinabadilika kiasi gani? Tunazichukulia kuwa gesi kamilifu: molekuli hazivutani wala hazisukumani.

Hatua ya 1: Vipimo. Halijoto iwe ya kelvini, R iwe 8.314 J/(mol K). Kwenye kikokotoo bonyeza `ln`, si `log`.

Hatua ya 2: Shinikizo la kila upande. Hapa ndipo majibu mawili yalipozaliwa. Fomula ambayo karibu kila mtu ameikariri ni hii:

```
ΔS = −R (n₁ ln x₁ + n₂ ln x₂)
```

x ni sehemu ya moli ya kila gesi. Ukiweka 2/3 na 1/3 unapata 15.88 J/K. Hesabu yenyewe haina kasoro, ila inajibu swali jingine. Fomula hii inadai gesi zote mbili zianze na shinikizo moja, na mchanganyiko ubaki na shinikizo hilohilo. Sasa tumia pV = nRT kwenye chombo chetu: argoni ina takriban 198 kPa, nitrojeni 99 kPa, na mchanganyiko unatulia kwenye 149 kPa. Sharti limevunjika kabla hatujaanza.

Ndiyo maana mimi huwaambia waiache kwanza hiyo fomula, wafuate ujazo. Gesi kamilifu haijali kama kuna gesi nyingine chomboni. Kila moja inatanuka kana kwamba iko peke yake. Argoni ilikuwa na lita 25, sasa ina 50. Nitrojeni vivyo hivyo.

```
ΔS = n₁R ln(50/25) + n₂R ln(50/25)
   = 3 × 8.314 × ln 2
   = 17.29 J/K
```

Hilo ndilo jibu. Lakini usiridhike mpaka ujue ile 1.41 J/K iliyozidi imetoka wapi. Fikiria kazi hiyo kwa awamu mbili. Kwanza ukuta unateleza bila kuvuja hadi pande zote zifikie 149 kPa: argoni inatanuka, nitrojeni inabanwa.

```
2R ln(4/3) + R ln(2/3) = 4.78 − 3.37 = 1.41 J/K
```

Kisha ukuta unaondolewa, gesi zinachanganyika kwa shinikizo moja, na hapo fomula ya x inafaa kabisa: 15.88. Jumlisha, unarudi kwenye 17.29.

Mgawanyo huu una faida nyingine. Tuseme pande zote mbili zilikuwa na argoni, moli 2 na moli 1. Wengi hukimbilia kusema entropia haibadiliki, kwa kuwa gesi ni ileile. Sehemu ya kuchanganyika kweli inakuwa sifuri, lakini 1.41 J/K ya kusawazisha shinikizo inabaki. Ingekuwa sifuri tupu kama pande zote zingeanza na shinikizo sawa. Kwa hiyo hapa usitumie njia ya ujazo wa kila upande kivyake: argoni ya kushoto haitofautiki na ya kulia, na ungepata 17.29 isiyokuwepo.

Hatua ya 3: Nishati ya Gibbs. Enthalpi ya gesi kamilifu inategemea halijoto tu, nayo haikubadilika. ΔH ni sifuri.

```
ΔG = −TΔS = −298.15 × 17.29 ≈ −5155 J, yaani −5.15 kJ
```

Angalizo kwa mtahini mkali: ΔG hasi ni kipimo cha mwelekeo wa mabadiliko pale halijoto na shinikizo vinapodumu. Chombo chetu kinadumisha ujazo, kwa hiyo kipimo halali ni nishati ya Helmholtz, ΔA. Kwa bahati, pV ya jumla ni nRT mwanzo na mwisho, hivyo ΔA nayo ni −5.15 kJ.

Joto pia halikuingia wala kutoka, kwa hiyo entropia ya mazingira imebaki palepale. Mtu akikuuliza kwa nini gesi zinachanganyika, usitafute nishati iliyotolewa: 17.29 J/K ndiyo sababu yote.

Swali la mwisho la yule mwanafunzi lilikuwa kama hewa ya Nairobi, yenye shinikizo la karibu 83 kPa, inabadilisha jambo. Gesi zote zikianza na 83 kPa na kuishia hapo, kwa moli zilezile jibu ni lile la Mombasa, maana fomula ya x haina p ndani yake. Ila chupa ya lita moja iliyojazwa huku juu ina moli chache kuliko ya pwani, na hizo ndizo zitakazopunguza jibu.