Pima maji ya mninga kabla ya kulipa

Ukinunua mbao za mninga Lindi mjini kwa ajili ya kabati, usiridhike na neno "zimekauka". Omba ukatiwe kipande chembamba, futi moja ndani kutoka mwisho wa ubao, maana ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kikaushe kwenye oveni, nyuzi 103, hadi uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 260 hadi 200, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu. Hizo bado mbichi, milango itajipinda. Kwa hewa ya pwani yetu tafuta asilimia 12 hadi 15. Muuzaji anayekubali kukukatia kipande, na kukuonyesha hati ya kusafirishia mbao hizo kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali, ndiye ninayemwamini.