Barua ya kujitolea: angalia kipengele cha gharama

Ukiandika barua ya makubaliano na mtu wa kujitolea, majukumu, saa na jina la msimamizi huandikika haraka. Penye utata ni gharama. Usiandike "atapewa posho kila mwezi": kiasi kisichobadilika, kinacholipwa hata wiki ambayo hakuja, hufanana sana na mshahara, na mgogoro ukizuka anaweza kudai kuwa ni mwajiriwa. Andika hivi: "Atarudishiwa nauli na vocha za simu alizotumia kwa kazi hii, akileta risiti au daftari la safari lililosainiwa na msimamizi."

Kwenye kusitisha, notisi ya mwezi mzima ni lugha ya ajira. "Upande wowote unaweza kusitisha; tunaomba taarifa ya wiki moja ikiwezekana" inatosha.